Mashine Imeshatiwa Petroli

Mzee Onyancha hakupiga hodi. Aliibwaga ile mashine juu ya kaunta, bwaa, mpaka makopo ya mbegu ya sukuma yakaruka, na kabla Yunia hajafungua mdomo kusema karibu, akaanza.

"Nirudishie pesa yangu. Yote. Na usinipigie hadithi."

Mtu wa bodaboda aliyemleta alikuwa bado nje na injini yake inanguruma. Ameambiwa asiende mbali, hili ni jambo la dakika moja. Dakika moja! Maskini huyo alikuja kuzima pikipiki, akanunua ndizi, akazila, akasinzia juu ya kiti.

Yunia aliiangalia ile mashine, akashika kaunta kwa mikono miwili. Ilikuwa mashine ya kuchuna majani chai, ile ya petroli, yenye kisu kirefu mbele na mfuko wa kupokea majani nyuma. Alikuwa ameiuza mwenyewe, kwa mkono wake, wiki tatu zilizopita. Wakati ule ilikuwa inang'aa ndani ya katoni yake. Sasa ilikuwa imepakaa utomvu mweusi kila mahali, na mfuko wake ulikuwa umechanika pembeni.

"Shikamoo, Tata," akasema. Tata ni baba kwa Kikisii, na huyu alikuwa mzee wa kwao, wa rika la marehemu baba yake, na hata mzee wa kwenu akikujia na mateke, salamu unamtolea.

"Salamu weka huko. Pesa."

Sasa ili ujue kwa nini Yunia alishika kaunta kwa mikono miwili, ni lazima nikuambie mambo mawili, na yote ni machungu.

La kwanza ni la duka. Lile duka la vifaa vya shamba hapo Litein, lililo barabara ya kwenda Sotik, ni la Muthoni, mama aliyezaliwa Londiani kwenye mashamba ya viazi na ambaye hajawahi kucheka na shilingi hata siku moja. Sheria zake amezibandika ukutani kwa herufi kubwa, na nyuma ya kila risiti zimechapwa. Ukirudisha kitu ndani ya siku saba, hakijatumika, kiko ndani ya katoni yake, pesa yako unapewa bila maneno. Mashine ikishatiwa petroli, hairudi. Ikiwa ina ubovu wa kiwandani, duka linaitengeneza bure au linakupa nyingine. Basi. Msichana aliyekuwa pale kabla ya Yunia, jina lake Tabby, alimhurumia mteja aliyemlilia machozi, akamrudishia pesa ya pampu ya dawa. Kumbe pampu ilikuwa imeshanyunyizia shamba zima la nyanya. Muthoni hakupiga kelele. Alimkata Tabby ile pesa kwenye mshahara, akamwambia achukue mkoba wake, na Tabby akamwaga unga hivyo hivyo. Kila mtu Litein anaijua hiyo habari.

La pili ndilo linalouma. Mama yake Yunia, Nyamusi, alikuwa mchunaji wa huyu huyu Mzee Onyancha. Yeye na wanawake wengine watano walichuna lile shamba tangu Yunia yuko shule ya msingi. Kwenye mvua, kwenye baridi ya asubuhi, kwenye mvua ile ya mawe inayochana majani na ngozi ya mtu pamoja. Siku mashine ilipofika shambani, mzee aliwasimamisha wote sita kando ya njia na kuwaambia wasirudi kesho. Hakuwapa hata chai. Nyamusi sasa alikuwa anauza mboga za kienyeji, managu na chinsaga, kwenye veranda ya duka, juu ya gunia, hapo hapo mlangoni, kwa ruhusa ya Muthoni. Kodi ya nyumba na dawa za presha za mama zilikuwa zinatoka kwenye mshahara wa Yunia. Hiyo kazi ikienda, hakuna nyingine nyumbani. Ndiyo maana alishika kaunta.

Na mama alikuwa anasikia kila neno. Alikuwa anafunga mboga mafungu mafungu, hakugeuza kichwa.

"Tata, shida ya mashine ni nini?" Yunia akauliza. "Imekataa kuwaka?"

"Haifanyi kazi!"

"Haifanyi vipi?"

"Wewe ni nani wa kunihoji? Nimesema haifanyi kazi. Kama mtoto wa kwetu ungenielewa bila maswali, lakini mmekuja mjini mkawa na vichwa."

Yunia angeweza kumjibu hapo hapo, na jibu alikuwa nalo, tena lenye makali. Badala yake akamwita Kipkemboi, fundi wa duka, ambaye alikuwa nyuma akinoa mkasi wa kupogolea. Mashine ikisemwa ni mbovu, inaangaliwa kwanza. Hata kama mwenyewe anatukana.

Kipkemboi alikuja anajipangusa mikono. Ni kijana wa maneno machache, amekulia hapo hapo karibu na Litein, na mashine anazishika kama mtu anayeshika kifaranga. Alifungua tangi, akanusa. Petroli na oili zilikuwa zimechanganywa vizuri. Akavuta kamba mara moja, mashine ikakohoa. Akavuta tena, ikawaka, ikalijaza duka zima kelele. Akaisikiliza, kichwa upande. Akatoka nayo hadi kwenye ua wa michongoma wa nyuma ya duka, akaupitishia kisu, na majani yote yakarukia mfukoni. Akarudi, akaizima, akapitisha kidole kwenye meno ya kisu.

"Injini haina neno," akasema. "Kisu hakina neno. Lakini mzee, ulikuwa unakata wapi? Hapa kuna vipande vya vijiti vinene hivi." Akaonyesha kwa kidole chake kidogo. "Hii ulizamisha ndani ya kichaka."

"Unanifundisha chai? Mimi?"

"Nauliza tu."

"Nimechuna chai kabla mama yako hajaolewa!"

Basi hapo ndipo maneno yalipomtoka. Karani wa kituo cha kuuzia majani, mwanamke mmoja anaitwa Cherotich asiyeogopa mtu, alikuwa ameyakataa majani yake mara ya kwanza. Akayamwaga mezani mbele ya watu, akatenganisha vijiti huku na majani makuukuu huku, akamwuliza kama anataka kiwanda kipike chai au kipike kuni. Watu wakacheka. Mara ya pili akayakataa bila hata kuyamwaga. Majani yakachemka ndani ya magunia, yakageuka mekundu, yakatupwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wakayaacha. Sasa shamba lilikuwa limepita kiasi, majani yamekuwa magumu, na mzee alitaka pesa ya mashine leo akatafute wachunaji.

Yunia alisikiliza mpaka mwisho. Na hapa nisikudanganye, kuna mahali moyoni alifurahi. Akilini alimwona mzee amesimama pale kituoni kati ya watu na magunia yake, na akafurahi. Kisha akakumbuka kwamba yuko kazini.

"Pole kwa hasara, Tata. Nimekusikia. Lakini hiyo pesa siwezi kukurudishia."

"Ati?"

"Mashine si mbovu, umeona mwenyewe ikifanya kazi. Siku saba zimepita, na imeshatiwa petroli na kutumika. Hatuwezi kuiuza tena kama mpya. Sheria ndiyo ile ukutani, na nyuma ya risiti yako imeandikwa. Sikukatalii kwa sababu ni wewe. Hata angekuja nani, jibu ni hilo. Lakini kuna mambo tunaweza kukufanyia, nikuambie uchague."

"Sitaki kuchagua! Nilikuja kuchagua mimi? Nataka pesa!"

"Ya kwanza," Yunia akaendelea, "Kipkemboi anaweza kuja shambani kwako wiki hii, bila malipo, akuonyeshe jinsi ya kushika kisu juu, kipite juu ya pale kilipokata mara ya mwisho. Vichaka visawazishwe kwanza, halafu urudie mapema kabla majani hayajakomaa."

"Huyu mtoto? Anifundishe?"

"Ya pili, tuiweke hapa dukani kama mtumba, tukuuzie. Ikipata mtu, unalipwa, duka linakata sehemu yake. Lakini nisikudanganye, haitafika bei uliyonunulia, na siwezi kukuahidi itauzwa lini. Ya tatu, fundi aipime thamani yake ilivyo sasa, na hiyo thamani uchukulie kitu kingine. Pampu, mbolea, mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, chochote kilichoko."

"Mbolea!" Mzee Onyancha akageukia watu. Maana sasa watu walikuwepo. Siku ya soko hakuna ugomvi unaokosa watazamaji, na mlango ulikuwa umejaa vichwa. "Mmesikia? Nimeleta pesa, napewa samadi! Huu ni wizi wa mchana. Na mnajua kwa nini? Waulizeni. Huyu ni binti ya yule pale." Akanyoosha kidole hadi kwenye gunia la mboga. "Yule nilimfukuza kazi kwa uvivu. Kikapu chake kilikuwa kinarudi nusu kila siku. Sasa binti ananilipizia!"

Nyamusi aliendelea kufunga mboga. Vidole vyake tu ndivyo vilivyosimama kidogo kwenye kamba ya mgomba, kisha vikaendelea.

Uso wa Yunia ulichemka. Kikapu nusu! Mama yake ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka leo kwa utomvu wa chai ya huyu mtu, visivyotakata hata kwa majivu. Aliona jinsi ingekuwa rahisi kumwambia kila kitu, kumpaka tope mbele ya Litein nzima, halafu liwalo liwe. Lakini angelipa kodi na nini?

"Mama yangu hayumo kwenye risiti hii, Tata," akasema polepole. "Tuongee ya mashine."

"Mpigie mwenye duka. Mpigie sasa. Nataka kusikia kama anajua ameajiri nyoka."

Hiyo nayo ni haki ya mteja. Akitaka kufika kwa mkubwa, hazuiwi. Muthoni alikuwa ameenda Nakuru kuleta bidhaa. Yunia alibonyeza namba, simu ikaita. Muthoni alipopokea, kelele za gari nyuma yake, Yunia alimweleza kwa ufupi: mashine ya Mzee Onyancha, wiki tatu, imetumika, fundi ameipima ni nzima, amekataliwa kurudishiwa, ameelezwa njia zilizobaki, hajaridhika.

"Niweke kwa spika," Muthoni akasema.

Mzee hakungoja. "Madam! Mimi ni mteja wako wa miaka. Huyu msichana wako ananionea. Ameniuzia mashine ambayo kiwanda hakitaki majani yake, na hakuniambia. Ameniibia. Halafu anafanya hivyo kwa sababu nilimfukuza mama yake. Mtu wa namna hii unamweka kwa duka?"

Kisha Muthoni akauliza, na sauti yake ilikuwa baridi kama bati la asubuhi.

"Yunia. Ulimwambia kuhusu majani kabla hajalipa, au hukumwambia? Kwa sababu kama ulimficha, hilo si kosa lake. Ni letu. Pesa atarudishiwa, na wewe tutaongea."

Hapo Yunia aliona mkoba wa Tabby. Aliuona kabisa, ukining'inia kwenye bega lake mwenyewe.

"Nilimwambia, Mama Muthoni."

"Mwongo!" mzee akafoka.

"Nilikuambia, Tata. Ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo."

"Kuna mtu alisikia?" Muthoni akauliza.

Yunia akamtazama Kipkemboi. Kipkemboi akatazama chini. "Siku hiyo nilikuwa shambani kwa mteja," akasema. "Siwezi kusema nilisikia."

Haki ya nani, kijana mwaminifu anaweza kukuua kwa uaminifu wake. Ilikuwa ni neno lake na neno la mzee, na mzee alikuwa na shamba na mvi, na yeye alikuwa na mama juu ya gunia.

Mzee Onyancha akaona amepata nafasi, akajaa upepo. Na hapo ndipo alipoharibu.

"Mnaona? Hana shahidi! Na msidhani mimi ni mjinga, madam. Nilimjua siku ile ile. Nimefika hapa na pesa mkononi, ati ananiambia, Tata, nenda kwanza ukaulize kituo chako kama wanapokea majani ya mashine. Ati usinunue leo. Nani anauza kitu huku anamfukuza mnunuzi? Nikajua mara moja, huyu anamtetea mama yake asikose kazi! Nikamwambia andika risiti, acha ujanja. Mimi sichezewi na mtoto wa mchunaji!"

Akamaliza, kifua mbele, anapumua.

Mwanamke mmoja mlangoni akaguna, "Mmh," basi. Kipkemboi aliinua uso polepole. Yunia hakuelewa mara moja kilichotokea. Alikielewa alipomwona mzee mwenyewe, jinsi mdomo wake ulivyobaki wazi, kisha ukafungwa kidogo kidogo.

"Mzee," Muthoni akasema kwenye simu. "Kwa hivyo alikuambia."

"Nasema alinificha..."

"Alikuambia ukaulize kituo kabla ya kununua. Nimesikia kwa mdomo wako, na nafikiri watu walioko hapo wamesikia. Ukakataa. Basi jibu la Yunia ni jibu langu. Pesa hairudi. Zile njia tatu alizokupa ni za kweli, chagua unayotaka, nitaiheshimu. Na kama unaona tumekukosea, una haki ya kupeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali ya kulinda wanunuzi, Yunia atakuandikia kwa karatasi yote tuliyokuambia leo uende nayo. Siku njema."

Simu ikakatika. Hakumsifu Yunia. Muthoni si mtu wa kusifu. Lakini Yunia alijua kesho atafungua duka yeye, na kesho kutwa pia, na mikono yake ikaachia kaunta.

Ungedhani mzee angepoa. Wapi! Alianza upya, safari hii kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema atahakikisha hakuna Mkisii hata mmoja anayeingia duka lile tena. Akasema watoto wa siku hizi hawana damu. Akasema atalipeleka jambo kanisani. Yunia alikuwa anaandika ile karatasi, njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila neno la mzee lilikuwa linamchoma, lakini kalamu ilienda.

Halafu kalamu ikasimama.

Kwa sababu kulikuwa na njia nyingine. Hakuitaja. Alijiambia haimo kwenye sheria za duka, na kweli haimo. Kipkemboi ndiye aliyemsimulia, alivyoona kwa shemeji yake: majani ya mashine yanaletwa moja kwa moja kutoka shambani, yanamwagwa juu ya turubai safi kivulini, na watu wanaojua chai wanayachambua kwa mkono haraka kabla hayajachemka. Vijiti kando, makuukuu kando, yanabaki yale majani mawili machanga na chipukizi lake. Karani akipima, anapokea. Mashine inaharakisha, mikono inasafisha. Lakini si mikono ya kila mtu. Mtu asiyejua atachambua mpaka jioni na majani yote yawe yameshaharibika. Inahitaji mikono iliyochuna miaka, na mikono iliyolijua shamba la Onyancha ilikuwa kumi na miwili tu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa pale nje inafunga managu.

Akiinyamazia, mzee ataanguka. Shamba litakuwa msitu. Nani angemlaumu Yunia? Hata mwenyewe mzee hangejua. Alitazama mgongo wa mama yake mlangoni. Kikapu nusu, alisema. Mvivu, alisema.

Mwacheni aozee na mashine yake, Yunia akawaza, na aliwaza hivyo kwa dhati, si kwa mzaha.

Lakini kazi ni kazi. Alikuwa amemwambia mteja kwamba atamweleza njia zilizobaki. Hakusema atamweleza zile anazopenda.

"Kuna nyingine," akasema, na akasikia sauti yake ni kavu kama kuni. "Si ya duka, siwezi kukuahidi kitu. Majani ya mashine yakichambuliwa kwa mkono asubuhi hiyo hiyo, kituo kinayachukua. Kata na mashine, Kipkemboi akuonyeshe jinsi ya kuishika, halafu yachambuliwe juu ya turubai. Mashine utabaki nayo na majani yako yatapita. Lakini unahitaji wachunaji wa kweli. Watu wanaolijua shamba lako." Akakata karatasi, akamsukumia. "Hao unawajua wewe."

Mzee Onyancha alisoma ile karatasi, au alijifanya kusoma. Midomo ilikuwa inacheza. Kisha akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akainua mashine yake, akatoka nje bila kuaga. Watu wakampisha.

Hakwenda kwa bodaboda. Yunia, nyuma ya kaunta, alimwona anasimama mbele ya gunia la mboga. Akasimama kama mtu anayengoja kusalimiwa. Nyamusi hakumsalimia.

"Nyamusi," mzee akasema. "Kesho asubuhi rudini shambani."

Alisema hivyo tu. Alisema vile alivyokuwa akisema zamani, kama anayefungulia mbuzi mlango.

Nyamusi aliweka fungu la chinsaga chini, akaweka lingine juu yake, akayasawazisha. Alipoongea hakupaza sauti, lakini Yunia alimsikia vizuri, na mlango mzima ulimsikia.

"Haiwezekani, mzee."

"Ati nini?"

"Umetutumia, ukatutoa shambani, ukatuambia tusirudi. Wiki tatu sasa. Kitu kikishatolewa hivyo hakirudishwi tu kama kilivyokuwa. Si umesomewa sheria huko ndani? Na sisi tuna sheria zetu."

Mtu mmoja mlangoni akapiga makofi, akajizuia. Mzee alizunguka kutazama ni nani, hakumjua. Shingo yake ilikuwa imevimba. Yunia alidhani atamtukana mama tena, na alijua kwamba safari hii, kazi au si kazi, angeruka kaunta.

"Mnataka niwapigie magoti?" mzee akasema.

"Sikusema magoti. Nimesema pale tulipokuwa, hapo haturudi. Lakini njia zingine zipo."

Mzee Onyancha alitazama mashine iliyokuwa inamlemea mkononi. Akaitazama barabara. Bodaboda wake alikuwa amelala. Juu upande wa mashamba wingu lilikuwa linajikusanya, na mvua ikinyesha majani yanakua, na majani yake hayakuwa na ruhusa ya kukua tena. Chuki ilikuwa bado machoni mwake, haikupungua hata tone. Nyamusi naye yake ilikuwepo. Hakuna aliyemhurumia mwenzake.

"Haya," mzee akasema mwishowe, huku ameuma meno. "Ni njia gani hizo?"

Mwanamke fulani alikuwa amechutama kando ya gunia akigeuzageuza managu, anauliza kama ni ya leo. Nyamusi akamgeukia, akamchagulia fungu zuri, akalipangusa maji.

"Ngoja hapo, mzee," akasema bila kumtazama. "Nahudumia mteja."